Je, Wajua Kwa Nini Zohali Ileile Humtisha Mke na Kumwacha Mume?

*"Jirani zangu ni Wahindu, mke na mume. Wote wanasema Zohali imeingia Samaki, lakini mke ana wasiwasi na mume hana habari. Sayari si ni moja? Imekuwaje?"*

Kila mmoja anaihesabu kutoka mahali pake. Mnajimu wa Kihindi hatosheki kujua Zohali iko buruji gani leo. Anataka kujua hiyo ni buruji ya ngapi kutoka pale Mwezi ulipokuwa saa mtu huyo alipozaliwa. Nasema Mwezi wa angani, si wa kalenda. Mapito haya ya sayari, yakipimwa hivyo, ndiyo yanayoitwa gochara.

Mwezi umechaguliwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya imani: katika mapokeo hayo Mwezi ndio nafsi, yaani ile sehemu ya mtu inayohisi raha na karaha, na mapito ya sayari hupimwa kwa namna mtu anavyoyahisi. Ya pili ni ya kazi, nami naiona ina uzito zaidi. Jua hukaa buruji moja mwezi mzima, kwa hiyo huwaweka kapu moja watu wengi mno. Lagna, yaani buruji inayochomoza mashariki mtoto anapozaliwa, hubadilika kila baada ya saa mbili hivi. Usipojua saa ya kuzaliwa, umeikosa. Mwezi hukaa buruji moja kama siku mbili na robo. Hata bibi asiyekuwa na saa ukutani aliweza kuikumbuka rashi ya mjukuu wake, na rashi maana yake ndiyo hiyo buruji ya Mwezi.

Turudi kwa jirani zako. Tuseme mke alizaliwa Mwezi ukiwa Simba, na mume ukiwa Mizani. Kuhesabu ni rahisi, ila buruji ya Mwezi yenyewe ndiyo namba 1; wanaoanza na inayofuata hukosea hesabu nzima. Kwa mke: Simba 1, Mashuke 2, Mizani 3, Nge 4, Mshale 5, Mbuzi 6, Ndoo 7, Samaki 8. Kwa mume, Samaki ni ya 6. Zohali iliingia Samaki tarehe 29 Machi 2025, na kwa kuwa huchukua takriban miaka miwili na nusu katika kila buruji, hayo si mapito ya wiki mbili.

Zohali, ambayo Wahindu huiita Shani, inahesabiwa kuwa sayari kali. Kila buruji ikihesabiwa hivyo kutoka kwa Mwezi huitwa nyumba, na mapokeo yanaikubali Zohali katika nyumba tatu tu: ya 3, ya 6 na ya 11. Ya 6 ni nyumba ya maadui, madeni na maradhi, na hoja ni kwamba mkali akiingia kwa maadui, wanaoumia ni wao. Ndiyo maana mume ametulia. Ya 8 ni nyumba ya misukosuko na mambo yanayokatika ghafla, na Zohali ikiwa humo hukumu ni nzito: kazi kukwama, afya kuzorota, mambo kuchelewa. Pia kuna ile inayojulikana kuliko zote, sadesati, yaani "saba na nusu": Zohali ikipita nyumba ya 12, ya 1 na ya 2 mfululizo, miaka saba na nusu kwa jumla. Sasa hivi iko juu ya wenye Mwezi katika Ndoo, Samaki na Kondoo. Ukipiga hesabu, wakati wowote ule buruji 3 kati ya 12 ziko ndani ya sadesati. Kwa hiyo anayekuambia "una sadesati" kwa sauti ya kunong'ona anakuambia jambo linalowahusu watu wengi mno mjini.

Sayari ya Mshtarii ni kinyume cha Zohali: ni mpole, ndiye Guru, mwalimu. Huizunguka mbingu kwa takriban miaka 12, kwa hiyo kila buruji huipa kama mwaka. Husifiwa katika nyumba ya 2, ya 5, ya 7, ya 9 na ya 11. Wengi hushangaa kwamba nyumba ya 1, juu ya Mwezi wenyewe, haimo, lakini ndivyo mapokeo yalivyo.

Katikati ya Mei 2025 Mshtarii iliingia Mapacha. Kwa mke hiyo ni nyumba ya 11, nyumba ya mapato, kwa hiyo ungetegemea Mshtarii imfute machozi anayoletewa na Zohali. Hapo ndipo mnajimu mzoefu anapotofautiana na anayesoma orodha tu. Kila nyumba njema ina mlango wake wa kuzibiwa, unaoitwa vedha. Mshtarii ikiwa ya 11, heri yake huzibwa na sayari iliyoko nyumba ya 8. Nani yuko ya 8 kwa mke huyu? Zohali ileile. Inamkalia vibaya, kisha inaziba na mlango wa msaada.

Mume naye asishangilie mapema. Heri ya Zohali katika nyumba ya 6 huzibwa na sayari iliyoko ya 9, na Mapacha kwa Mizani ni ya 9. Yaani Mshtarii ilipokuwa Mapacha, ilimpa mume heri yake yenyewe lakini ikaifunga ile ya Zohali. Inapohamia Kaa tarehe 2 Juni 2026, kufuli linafunguka, ila Mshtarii yenyewe inakuwa ya 10, mahali isiposifiwa.

Hata baada ya hapo hukumu haijakamilika. Mnajimu hutazama ashtakavarga, jedwali la alama zinazoitwa bindu, ambalo huipa kila sayari kati ya 0 na 8 katika kila buruji kufuatana na ramani ya kuzaliwa. Zohali ina bindu 39 tu za kugawanya katika buruji 12, yaani wastani wa tatu na kidogo. Ikiwa mke ana 5 katika Samaki, nyumba ya 8 hupunguzwa ukali. Akiwa na 1, wasiwasi wake una msingi ndani ya mfumo huo. Nje ya mfumo huo, nafasi ya Zohali angani ni hesabu inayoweza kukaguliwa. Tafsiri yake ni mapokeo.

Kosa linaloharibu yote haya ni kutumia "nyota yako" ya gazetini. Ile ni ya Jua, tena hupimwa kwa mbingu ya Kimagharibi, ambayo imepishana na ya Kihindi kwa takriban digrii 24. Aliyezaliwa tarehe 10 Agosti gazeti humwita Simba. Kwa Wahindi Jua lake liko Kaa, na Mwezi wake unaweza kuwa buruji yoyote kati ya zote 12.

Wahindi wenyewe nao hawakubaliani kwenye tarehe. Hekalu la Tirunallar kusini mwa India, ambako umati hukusanyika Zohali ikihama, hufuata almanaki ya kale ya vakya. Mwaka 2025, wengi waliposema Zohali imeingia Samaki, hekalu lilitangaza kwamba kwao bado: itahama 2026.