Je, wajua kwa nini ziada ya jengo haionekani benki?

"Taarifa ya mwaka inasema tumebakiwa na ziada ya shilingi 2,200,000. Benki kuna 400,000. Hizo nyingine kala nani?"

Pengine hakuna aliyekula. Naandika "pengine" kwa makusudi, na sababu yake itaonekana mbele kidogo. Kwanza nikiri kwamba swali hilo niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe, nimesimama, kidole kimemwelekea mweka hazina, katika kikao cha wenye nyumba wa jengo letu la fleti 12 huku Shangani, Mtwara. Nilipigiwa makofi, na hesabu nilikuwa nimeikosa.

Kosa langu lilikuwa la kawaida. Niliamini kwamba ziada ni fedha, kitu unachoweza kwenda kukichungulia mahali kama mtungi wa maji. Taarifa ikisema milioni mbili na laki mbili zimebaki, basi ziwe zimekaa mahali, na zisipokuwepo, kuna mtu wa kukamatwa. Nilikuwa na uhakika kiasi kwamba sikuusoma hata ukurasa wa pili. Mweka hazina wetu, mwalimu mstaafu, hakubishana nami. Alivua miwani, akaifuta, akaniuliza kama kwetu kuna mikorosho.

Ipo, Tandahimba. Basi akanipitisha kwenye msimu.

Mkulima anapeleka kilo 500 kwenye chama cha msingi. Zinapimwa, zinakwenda ghala kuu, mnada unafanyika. Tuseme baada ya makato anastahili shilingi 3,000 kwa kilo, na siku hiyohiyo bei inatangazwa. Jioni ukimuuliza kijiweni atakwambia, "Nimeuza, nina milioni moja na nusu." Hadanganyi. Mzigo umetoka mikononi mwake, bei inajulikana, na yupo anayedaiwa. Lakini akienda benki kesho yake atakuta salio lilelile la juzi, kwa sababu malipo hayajaingia. Wakati huohuo kuna vijana waliomwokotea korosho kwa makubaliano kwamba watalipwa fedha zikiingia. Ujira wao nao ni gharama ya msimu huu, ingawa haujatoka mfukoni. Msimu unaweza kuwa mzuri na mfuko ukawa mtupu, na yote mawili yakawa kweli kwa mtu mmoja siku moja.

Taarifa ya jengo inaandikwa kwa mtazamo huohuo wa msimu. Mchango wetu wa huduma ni 100,000 kwa mwezi kwa kila fleti. Tarehe moja ikifika, mchango wa mwezi unaandikwa kuwa mapato, mwenye fleti awe amelipa au awe Dar es Salaam simu imezimwa. Fleti 12 kwa miezi 12 ni 14,400,000. Hicho ndicho kiasi tulichostahili kukipata. Upande wa matumizi, ulinzi ulikuwa 7,200,000, matengenezo 2,900,000, usafi na taka 1,200,000, umeme wa pampu na taa za ngazi 900,000. Jumla 12,200,000. Toa, ubaki na ile milioni mbili na laki mbili iliyonisimamisha kikaoni.

Sasa twende kwenye ukurasa wa pili nilioudharau. Mwaka ulianza bila deni lolote, na benki kulikuwa na 700,000. Kwa hiyo anza na ziada, ongeza hiyo laki saba: 2,900,000. Kisha toa michango iliyoandikwa mapato lakini haikulipwa. Mwenye fleti mmoja alikuwa hajalipa mwaka mzima, wawili walibakiza miezi tisa kila mmoja, mwingine miezi sita. Hiyo ni miezi 36, yaani 3,600,000. Ukizitoa unakwenda chini ya sifuri kwa laki saba, na hapo mtu huwa anakunja karatasi akisema hesabu imeharibika. Haijaharibika. Kuna gharama zilizoandikwa ambazo zilikuwa hazijalipwa: ulinzi wa Desemba 600,000, na 500,000 alizokuwa anatudai fundi wa pampu. Hizo 1,100,000 zilikuwa bado ziko kwetu, kwa hiyo ziongeze. Unapata 400,000, ileile ya benki, bila senti kuzidi wala kupungua.

Mwendo huo wa hatua tatu ndio msomaji wa taarifa anapaswa kuuomba: ziada na salio la kuanzia, toa tunachodai, ongeza tunachodaiwa. Majengo mengine yatakuwa na hatua ya nne. Aliyelipa Desemba michango ya mwaka unaofuata anaifanya benki inone, lakini fedha hizo si mapato ya mwaka huu. Na kama jengo linatenga fedha za akiba katika akaunti nyingine, kwa ajili ya paa au rangi, nazo zitajwe waziwazi. Kwetu akaunti ilikuwa moja.

(Kati ya wale wadaiwa wanne, mmoja ndiye aliyenipigia makofi kwa nguvu kuliko wote.)

Kuhusu msingi wa kisheria nitapita haraka. Ipo sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, ambayo chini yake wenye fleti wanakuwa na umoja wao unaosimamia maeneo ya pamoja. Majengo mengine huendeshwa kwa makubaliano ya mkataba tu. Kabla ya kudai kuona vitabu, soma katiba ya umoja wenu au mkataba wenu unavyosema kuhusu hesabu, kwa sababu huko ndiko muda na utaratibu unakotajwa.

Mstari wa ulinzi, ambao ndio mkubwa kuliko yote na ndio unaopigiwa kelele zaidi, kwa kweli ni mwepesi kuukagua. Una mkataba na una miezi: 600,000 mara 12 ni 7,200,000, basi. Hapo nako niliwahi kuteleza. Nililalamika kwamba tunalipia walinzi wawili wa usiku na mimi naona mmoja tu getini. Lindo letu ni la saa 12 kila usiku, kwa hiyo ni saa 84 kwa wiki. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inatambua saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne. Hata ukimkamua mlinzi hadi mwisho wa ruhusa, hafiki saa 58 kwa wiki. Kiti kimoja cha plastiki getini kinahitaji watu wawili wa kupokezana. Swali la maana kwenye mstari huo ni kama kuna usiku ambao kiti kilikaa kitupu na bado tukatozwa, na jibu liko kwenye daftari la matukio pale getini, si kwenye taarifa.

Matengenezo ni kazi zaidi, kwa sababu hayana kiwango cha mwezi. Huku pwani hewa ya chumvi inakula bawaba za geti na nyumba ya pampu bila kusubiri bajeti. Kwa kila kazi kubwa omba ankara, risiti ya EFD na kifaa kibovu kilichotolewa. Risiti ya EFD ina namba ya uhakiki unayoweza kuiingiza kwenye verify.tra.go.tz ukaona kama ni ya kweli na ni ya kiasi gani. Lakini tahadhari: risiti halali inathibitisha mauzo. Haithibitishi kwamba beringi mpya imefungwa kwenye pampu yenu. Ndiyo maana naomba ile ya zamani, hata ikiwa na kutu.

Sasa turudi kwenye "pengine" yangu. Hatua tatu kukubaliana na benki hakumaanishi kwamba kila hatua ni ya kweli. Penye upenyo zaidi ni orodha ya wadaiwa. Mtu akipokea mchango mkononi na asiuandike, daftari litaendelea kusema kwamba mwenye fleti anadaiwa. Mapato yanabaki vilevile, benki inabaki vilevile, ziada inabaki vilevile, na hesabu inafunga vizuri kabisa. Fedha imejificha ndani ya deni la mtu aliyekwisha kulipa. Hakuna kujumlisha kutakakoifichua. Kinachoifichua ni kumuuliza mdaiwa mwenyewe.

Tukafanya hivyo. Mweka hazina aliandika barua fupi kwa kila mmoja wa wale wanne: daftari linasema unadaiwa miezi hii na hii, thibitisha au leta ushahidi. Watatu walikubali, mmoja wao kwa shingo upande. Wa nne, aliyeandikwa miezi tisa, alileta simu. Ndani yake kulikuwa na meseji tatu za kutuma shilingi 100,000 kila moja, lakini zilikwenda kwenye namba binafsi ya msimamizi wa jengo, si kwenye akaunti ya umoja.

Msimamizi hakukana. Alituonyesha daftari lake la mkononi: koki, balbu za ngazi, saruji mfuko mmoja, fundi wa kuzibua chemba. Risiti alizokuwa nazo zilifika 260,000. Zile 40,000 zilizobaki hakuweza kuzieleza, na sitazieleza kwa niaba yake. Huenda alizitumia kwa jengo na karatasi ikapotea, huenda la. Daftari la mtu mmoja si ushahidi wa upande wowote.

Kilichonifurahisha, nikiri, ni jinsi taarifa ilivyorekebishwa. Matengenezo yalipanda hadi 3,160,000, ziada ikashuka hadi 1,940,000. Madeni ya wenye fleti yalishuka hadi 3,300,000. Ongeza 700,000 za kuanzia, toa madeni, ongeza 1,100,000 tunazodaiwa, unapata 440,000. Benki bado ni 400,000. Tofauti ya elfu arobaini ilitukodolea macho mezani hadi mweka hazina alipochukua kalamu, akaongeza jina la tano chini ya orodha ya wadaiwa: msimamizi, 40,000. Hesabu ikafunga, na msimamizi akapewa hadi mwisho wa mwezi.