Ukikwama kwenye sentensi, usirudi nyuma: dhana potofu kuhusu sauti inayosahihishwa na kompyuta

Chumba ninachofundishia Katuba, hapa Lubumbashi, kina hedifoni nne, na moja inasikika upande mmoja tu. Wanaokuja ni watu wazima wanaojiandaa kwa PTE Academic, mtihani wa Kiingereza unaofanywa kwenye kompyuta, na karibu wote huingia na imani zilezile kuhusu sehemu mbili: Read Aloud, ambapo unasoma aya fupi iliyo kwenye skrini, na Repeat Sentence, ambapo unasikia sentensi mara moja na kuirudia.

Dhana: ukikosea neno, rudi mwanzo wa sentensi ulisahihishe.

Hii ndiyo inayokula alama nyingi kuliko zote. Darasani tumefundishwa hivyo tangu shule ya msingi: ukiteleza, mwalimu anasema "anza tena", na unaanza tena.

Juma lililopita muuguzi mmoja alisikia sentensi hii niliyoiandaa: "The library closes at nine during the examination period." Maneno tisa. Yeye akatoa: "The library close… aa… the library closes at nine during examination." Akavua hedifoni akaniambia, "Mwalimu, nimejisahihisha vizuri, sivyo?"

Tuhesabu. Kwa maudhui, ukitoa maneno yote kwa mpangilio wake unapata 3; ukitoa angalau nusu unapata 2; chini ya nusu ni 1; usipotoa karibu chochote ni 0. Alikosa "the" ya pili na "period", kwa hiyo ana saba kati ya tisa: alama 2. Ile "aa" haikumpunguzia kitu hapo, kwa sababu kusitasita hakuhesabiwi kwenye maudhui. Lakini mtiririko una alama zake peke yake, hadi 5, na huko kusita, kurudia na kuanza upya ndivyo vinavyosakwa. Alivifanya vyote vitatu katika pumzi moja.

Mwenzake alisema: "The library closes at nine in the exam period." Maneno mawili si yenyewe, na kisawe hakisaidii hata kama maana ni ileile. Naye ana saba kati ya tisa, alama 2 vilevile. Ila alikwenda moja kwa moja bila kukata, kwa hiyo mtiririko wake ukabaki mzima. Tofauti yao haikuwa kumbukumbu. Mmoja alirudi nyuma, mwingine akaendelea.

Dhana: basi nyamaza kidogo, neno litarudi.

Kimya cha sekunde tatu kinafunga maikrofoni, na ulichobakiza kimepotea. Kwenye Repeat Sentence hakuna hata mlio wa kukuashiria uanze. Ukiona "Recording", sema. Wanaosubiri mlio kama ule wa Read Aloud huanza wamechelewa.

Dhana: mashine inataka lafudhi ya Mmarekani.

Vijana hukunja ulimi mpaka hata mimi siwaelewi. Mfumo huu umefunzwa kwa sauti za watu wengi ambazo binadamu walikwisha kuzipa alama. Unayalinganisha maneno uliyotamka na yale yaliyotarajiwa, unapima kila sauti imekaribia kiasi gani namna wasemaji wa kawaida wa Kiingereza wanavyoitamka, na mkazo umeangukia wapi. Lafudhi yako ya Kilushi haiukasirishi, maadamu neno linatambulika.

Hatari yetu iko kwingine. Kiswahili kinapenda neno liishie kwa irabu, hivyo "nine" inakuwa "naini" yenye silabi ya ziada. Kifaransa kinavuta "library" kuelekea duka la vitabu, "libreri". Halafu tunameza mwisho wa neno: yule muuguzi, mara ya kwanza, aliacha ile "s", na "close" si "closes". Hapo kosa la matamshi linageuka kosa la maudhui, unalipa mara mbili. Kwangu mimi dakika kumi za kutamka miisho ya maneno zina faida kuliko saa nzima ya kuiga filamu.

Dhana: soma mbio, kompyuta inapenda kasi.

Mbio zinameza silabi, na maneno yaliyomezwa hayatambuliki. Kwenye Read Aloud aya inafika hadi maneno 60, nawe unapewa sekunde 30 hadi 40 za kuiangalia kabla. Zitumie kwa maneno marefu na kuamua utapumua wapi. Pumzi kwenye koma ni sehemu ya mtiririko, pumzi katikati ya "the" na "library" ni kusita.

Muuguzi alirudia sentensi yake jioni ileile, jenereta ya jirani ikinguruma. Akaruka "during", akaendelea mpaka "period" bila kugeuka nyuma. Alikunja uso, lakini hakurudi.