Jezi inavutwa kusudi: kwa nini, na refa anapima nini?

"Mtu anatoka na mpira, mbele kweupe, mwenzake anamvuta jezi kusudi kabisa, hata mpira hautaki. Si anajua kadi ipo? Na kwa nini refa anatoa njano badala ya nyekundu?" Swali hili niliulizwa kwenye kibanda umiza kimoja pale Mwanga, Kigoma, mara tu baada ya mechi.

Anafanya hivyo kwa sababu hesabu inamlipa. Tuseme uko Uwanja wa Lake Tanganyika na timu ya nyumbani imepata kona. Mabeki wa kati wote wawili wamepanda kwenda kupiga vichwa, na nyuma wamebaki watu wawili tu karibu na mstari wa katikati. Kona inapigwa, kipa wa wageni anaudaka na kuurusha haraka kwa winga wake. Winga ana uwanja mtupu wa karibu mita 60, na wenzake wawili wanakimbia sambamba naye. Watatu dhidi ya wawili. Mwenye mbio atafika golini kwa sekunde nane au tisa, wakati mabeki waliopanda bado wanahangaika kurudi.

Sasa kiungo mkabaji aliye karibu na winga anamshika jezi. Filimbi inalia. Wageni wanapewa mpira wa adhabu mita 55 kutoka golini, sehemu ambayo hakuna anayepiga moja kwa moja. Refa anatoa kadi na kuandika jina, na hapo nusu dakika imepita. Mpira unapoanza tena, wachezaji kumi wako nyuma ya mpira, kila mmoja na mtu wake. Shambulizi la watatu dhidi ya wawili limekufa, na bei yake ni njano moja.

Ndiyo maana faulo hizi za kimbinu huchezwa mapema, mbali na goli. Kiungo akisubiri hadi winga akaribie boksi, mpira wa adhabu wenyewe unakuwa hatari, na kadi inaweza kubadilika rangi. Mchezaji mzoefu huamua ndani ya sekunde mbili au tatu baada ya timu yake kupoteza mpira, na mara nyingi huchagua kushika badala ya kukwatua. Kumshika mtu jezi hakumvunji mguu, kwa hiyo refa hana sababu ya kuangalia ukali wa rafu. Kinachobaki kupimwa ni shambulizi lililozuiwa.

Na hapo ndipo penye jibu la njano na nyekundu. Sheria ya 12 ya soka inatenganisha vitu viwili: kuzuia shambulizi lenye matumaini, ambalo ni njano, na kumnyima mpinzani nafasi ya wazi ya kufunga, ambayo ni nyekundu. Ili iwe nafasi ya wazi, refa anatazama umbali kutoka golini, mwelekeo wa mchezo, kama mshambuliaji angeendelea kuumiliki mpira, na mabeki wako wangapi na wamesimama wapi. Vyote vinapimwa kwa pamoja.

Kwenye vibanda wengi tunapiga kelele, "Beki wa mwisho! Nyekundu!" Lakini maneno hayo hayamo kwenye sheria. Mtu anaweza kuwa wa mwisho kabisa na bado akastahili njano, kwa sababu tukio liko mbali mno au mpira unaelekea pembeni. Anaweza pia kuwa na mwenzake nyuma yake na bado akala nyekundu, kama huyo mwenzake yuko upande wa pili wa uwanja na hawezi kufika.

Chukua tukio ambalo wengi tuliliona. Fainali ya Euro 2020, iliyochezwa Wembley tarehe 11 Julai 2021, dakika za nyongeza za kipindi cha pili, matokeo 1-1. Bukayo Saka wa England anamzunguka Giorgio Chiellini wa Italia karibu na mstari wa pembeni, eneo la katikati ya uwanja, na Chiellini anamkamata kola ya jezi kwa nyuma na kumvuta hadi chini. Refa Björn Kuipers alitoa njano. Watu walikasirika, na picha ya jezi ile ikazunguka dunia nzima, lakini mimi naona refa alikuwa sahihi. Saka alikuwa na karibu nusu uwanja mbele yake, tena akiwa pembeni. Lilikuwa shambulizi zuri, bado si nafasi ya wazi ya kufunga. Italia walishinda kwa penalti 3-2.

Linganisha na fainali ya Super Cup ya Hispania, Jeddah, tarehe 12 Januari 2020. Real Madrid na Atlético wako 0-0, dakika ya 115. Álvaro Morata anatoka peke yake akielekea golini, na Federico Valverde anamkwatua kwa nyuma kabla hajaingia kwenye boksi. Nyekundu, bila ubishi: goli liko mbele yake, mpira uko kwake, na hakuna beki wa kumfikia. Valverde alijua anatoka. Real walivumilia dakika zilizobaki na wakashinda kwa penalti 4-1, na yeye akachaguliwa mchezaji bora wa mechi. Diego Simeone, kocha wa timu iliyonyimwa goli, alimpigapiga kichwani akiwa anatoka nje. Kwa dakika ile hata nyekundu ilikuwa bei nafuu, na hilo linaniudhi, kwa sababu adhabu ambayo mkosaji anainunua kwa furaha inamwachia hasara yule aliyecheza mpira.

Kwenye ndondo zetu, Kigoma hata Tabora, kazi ya refa ni ngumu zaidi. Hakuna marudio ya video, na shambulizi la kushtukiza linamwacha nyuma mita 30 au 40. Refa makini hamkazii macho aliyeanguka. Akipuliza tu, anatazama mbele kwanza: mabeki wako wapi, mpira ulikuwa unakwenda wapi? Akichelewa hata kidogo, mabeki watakuwa wamesharudi, na picha ya mabeki wawili itageuka ya watano.

Kuna kifungu kingine ambacho wachezaji wengi hawakijui. Refa akiacha mchezo uendelee kwa faida, yule aliyezuia shambulizi lenye matumaini haonyeshwi njano baadaye, kwa kuwa shambulizi halikufa. Iwapo alikuwa amejaribu kumnyima mtu nafasi ya wazi, nyekundu inashuka kuwa njano. Ni hivyo hivyo timu iliyochezewa faulo ikianzisha mpira haraka na kupata nafasi ya wazi, mradi refa hajaanza utaratibu wa kutoa kadi. Rafu mbaya ni habari nyingine. Hiyo kadi yake inasubiri mpira utoke.

Basi ukiona mtu amevuta jezi kisha akasimama mbele ya mpira, au ameuokota na kuondoka nao kama anaupeleka kwa refa, bado anaendelea na kazi ile ile. Anatafuta sekunde tano nyingine za wenzake kurudi. Kuchelewesha mpira kuanza ni njano yenyewe, hata kama faulo ya kwanza haikuwa na kadi. Na winga aliyeangushwa, badala ya kumkimbilia refa akidai kadi, afadhali aweke mpira chini na kuupiga kwa mwenzake aliye huru, maana wale watatu dhidi ya wawili bado wapo kwa muda mfupi sana.