Ndugu amekutwa na jeni ya saratani: jibu la "huna" ni la kuaminika lini?

Mtu mmoja akigundulika amerithi badiliko la jeni linaloleta saratani, ndugu zake wa damu hupimwa hatua kwa hatua. Wanaanza wazazi, ndugu wa tumbo moja na watoto, kisha majibu yao ndiyo yanayotuonyesha nani afuate. Wengi wanaokuja kwangu kwa ushauri wanaogopa kuambiwa wanalo. Mimi huogopa zaidi "huna" iliyotoka kwenye kipimo kisicho sahihi, kwa sababu mtu huyo huondoka ametulia na pengine hatarudi tena kuchunguzwa.

Nichukue familia ya mfano, inayofanana na nyingi ninazozihudumia. Mwanamke wa miaka 41 amepata saratani ya titi. Damu yake imepimwa, na jibu limeandikwa hivi: BRCA2 c.5946delT. Mstari huo mfupi ndio ufunguo wa familia nzima. BRCA2 ni jina la jeni, nayo iko kwenye kromosomu ya 13. Sehemu iliyobaki inasema kwamba katika nafasi ya 5946 herufi moja, T, imedondoka. Seli husoma herufi za jeni tatutatu, kwa hiyo ikidondoka moja usomaji wote unaofuata huharibika, na protini inayosaidia kukarabati vinasaba hukatika kabla haijakamilika.

Maelfu ya mabadiliko mbalimbali yanaweza kuiharibu jeni hii. Ndiyo maana mdogo wake wa kike hatakiwi kwenda maabara na kusema tu, "Nipimeni jeni ya saratani ya matiti." Anatakiwa kwenda na mstari ule. Vipo vipimo vya kuagiza na kujifanyia nyumbani vinavyoangalia mabadiliko machache tu yaliyozoeleka. Kama la familia yake halimo kwenye orodha hiyo, ataambiwa hakuna kilichoonekana, na kweli hakikuonekana, kwa kuwa hakikutafutwa. Hatari hiyo ipo pia pale badiliko la familia linapokuwa ni kipande kizima cha jeni kilichopotea, maana baadhi ya vipimo vya kusoma herufi mojamoja hukipita bila kukiona.

Kwa hiyo jibu la ndugu nalisoma hivi: je, badiliko la familia limetajwa kwa jina lake, na imeandikwa wazi kuwa limetafutwa na halikuonekana? Ripoti isiyolitaja sikubali kuihesabu. Majina nayo huchanganya. Ripoti ya zamani inaweza kuandika 6174delT, nayo ni badiliko lilelile la c.5946delT, utaratibu wa kuhesabu nafasi ndio uliobadilika. Nimeshuhudia ndugu wakidhani kuna matatizo mawili katika ukoo, kumbe wameshika karatasi mbili za tatizo moja.

Kabla ya kumwita ndugu yeyote kuna mambo mawili ya kuthibitisha. Kama badiliko lilionekana kwanza kwenye uvimbe wenyewe, lazima litafutwe kwenye damu au mate ya mgonjwa, kwa sababu uvimbe hutengeneza mabadiliko yake ambayo hayarithiwi. Pili, ripoti iseme kwamba badiliko hilo linajulikana kusababisha ugonjwa. Yapo yanayoandikwa kuwa maana yake haijafahamika. Hayo hatuyatumii kupima ndugu wazima ili kuamua matibabu yao, maana anayekutwa nalo hatujui tumwambie nini, na asiyekuwa nalo hatuwezi kumhakikishia chochote.

Sasa turudi kwenye familia yetu. Mama yupo, ana miaka 66 na ni mzima. Baba alifariki kwa ajali akiwa na miaka 50. Shangazi mmoja alikufa kwa ugonjwa ambao ndugu wanauita "uvimbe wa tumbo". Ningeanza na mama. Jibu lake peke yake linaweza kuondoa nusu ya ukoo kwenye orodha, na hapa anakutwa hana. Basi badiliko karibu kwa hakika limetoka kwa baba, kwa kuwa badiliko la BRCA2 mara chache sana huanza upya kwa mtoto. Uvimbe wa tumbo wa shangazi sasa unatufanya tufikirie saratani ya ovari. Familia nyingi huusahau upande wa baba kwa kuona matiti na ovari ni mambo ya kina mama, wakati baba hurithisha sawasawa na mama: kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana nafasi 1 kati ya 2.

Kaka mkubwa anakutwa nalo. Kwake tunazungumzia uchunguzi wa tezi dume na kumfundisha kukagua kifua chake, kwa sababu wanaume wenye badiliko la BRCA2 nao hupata saratani ya matiti, ingawa ni wachache. Halafu tunazungumzia binti zake. Mwanamke mwenye badiliko la BRCA2 ana uwezekano wa karibu asilimia 70 wa kupata saratani ya matiti kufikia miaka 80, na karibu asilimia 17 kwa ovari. Hata hivyo watoto hatuwapimi jeni hii, kwa kuwa hakuna ambacho tungewafanyia utotoni. Tunasubiri wawe watu wazima na waamue wenyewe.

Mdogo wa kike, aliyepimwa kwa mstari uleule, hana. Hili ni "huna" la kuaminika. Watoto wake hawana haja ya kupimwa kwa ajili ya badiliko hili, kwani haliruki kizazi: asilolipata mama hawezi kulirithisha. Yeye mwenyewe ataendelea na uchunguzi wa kawaida wa wanawake wa umri wake. Ila kama mama mdogo wao, upande wa mama, naye aliugua saratani ya matiti, historia hiyo bado inahesabiwa, maana badiliko la upande wa baba halihusiki nayo.

Kwa ndugu wa mbali zaidi, mgonjwa mwenyewe ndiye anayepeleka habari. Mimi simpigii binamu yake simu. Ninamwandikia mgonjwa barua ya kugawa, yenye jina la jeni, mstari kamili wa badiliko, maabara iliyopima na mahali pa kupata ushauri. Jina lake halihitajiki humo kama hataki. Namwomba aambatanishe nakala ya ripoti pale anaporidhia, kwa sababu barua ikinakiliwa kwa mkono, tarakimu moja ikikosewa, maabara itatafuta kitu kingine.

Mtihani mgumu ni baba mdogo anayekataa kupimwa huku binti yake wa miaka 28 akitaka. Binti ana haki hiyo, ila tunazungumza kwanza, kwa kuwa akikutwa nalo atakuwa amefichua na jibu la baba yake. Baba ana nafasi 1 kati ya 2, kwa hiyo binti ana 1 kati ya 4. Binti akikutwa hana, yeye amemaliza. Baba yake bado: nafasi yake imeshuka hadi 1 kati ya 3 tu, kwa maana anaweza kuwa nalo na bahati ikawa hakumpa binti huyu. Kwa hiyo kaka za binti huyo hawawezi kulitegemea jibu la dada yao. Kila mmoja wao anapaswa kupewa barua yake.