Ulichosahihisha kwenye chati yako, wenzako hawajakipata

Hii nimekutana nayo Tukuyu, ofisi ya watu watano wanaouzia wakulima miche ya parachichi. Walikuwa wamefungua projekti moja kwenye Claude ya timu, wakatupia humo faili zao zote, bei, ratiba ya kugawa miche kila kata, barua za mwaka jana, wakaandika na maelekezo kwamba kila tangazo liwe fupi la kutosha meseji ya simu. Hapo walifanya vizuri kabisa.

Shida ikaja bei ilipopanda, mche ukatoka 4,000 kwenda 5,000. Dada wa mauzo akaona rasimu yake ina 4,000, akaandika palepale kwenye chati kwamba bei imebadilika, ikarekebishwa, akatuma, akajua kamaliza. Kesho yake kijana wa usambazaji kafungua chati yake ndani ya projekti ileile, ikatoka 4,000, akatuma hivyohivyo. Wakulima wamefika na hela pungufu, wengine wametoka mbali, iliniuma sana.

Sasa elewa kitu kimoja. Chati mpya ndani ya projekti ya pamoja inaanza na maelekezo pamoja na faili zilizomo, haianzi na yaliyoandikwa kwenye chati ya mwenzako. Yule dada aliyoyaandika kwenye chati yake yalibaki kwake, kijana hata kuyaona hawezi mpaka dada ashee hiyo chati. Projekti ni kabati la ofisi, chati ni daftari la mtu.

Nilivyofika nikakuta kuna aliyejaribu kurekebisha kwa kupakia faili jipya la bei bila kufuta la zamani, kwahiyo humo ndani kuna bei mbili na leo inatoka hii kesho ile. Na mwingine kabadilisha faili kwenye laptop yake akidhani na kule limebadilika, kumbe ukishapakia, kule inakaa nakala. Tukafuta la zamani, tukaacha moja tu, `bei_miche`, juu kabisa tukaandika tarehe bei ilipoanza. Barua za mwaka jana nazo tukazitoa maana zilikuwa na 4,000 humo katikati ya maneno, na faili zikiwa nyingi kupita kiasi mfumo hausomi zote, unatafuta vipande vinavyofanana na ulichoandika, unaweza kudaka hicho cha zamani. Kwenye maelekezo tukaongeza:

```
Bei chukua kwenye faili bei_miche pekee.
Kama haimo, sema haimo. Usikadirie.
```

Halafu ruhusa. Wawili tu wakabaki na `Can edit`, waliobaki `Can use`, ili faili la bei liwe na mwenyewe.

Kupima usitumie akaunti ya aliyerekebisha wala chati yake ya zamani. Tulichukua simu ya yule kijana, chati mpya, tukaagiza tangazo la miche, bei sisi wenyewe hatukuitaja. Ikatoka 5,000.