Historia ya matoleo inathibitisha nini hasa?

Mwalimu akiitilia shaka insha iliyoandikwa kwenye Google Docs, siku hizi hufungua `File > Version history > See version history`. Upande wa kulia hutokea orodha ya matoleo, kila moja na saa yake na jina la akaunti iliyohariri. Ushahidi huo una uzito, lakini mara nyingi husomwa vibaya.

Dhana: Maandishi yaliyoingia kwa mkupuo yameibwa.

Ukweli ni kwamba mkupuo huonyesha maandishi yamebandikwa, hauonyeshi yametoka wapi. Tuseme insha ina maneno 900: saa 3:10 usiku ukurasa ni mtupu, saa 3:11 una maneno 640, na 260 yaliyobaki yanaingia kidogo kidogo hadi saa 4. Aliyeiba anaweza kuacha alama hiyo, na aliyeandika rasimu kwenye simu akiwa ndani ya daladala anaacha iyo hiyo. Basi aombwe rasimu ya simu, nayo itazamwe tarehe. Kisha angalia kilichofuata baada ya kubandika. Je, alivunja hoja na kuzijenga upya, au alibadili neno hapa na pale?

Na kabla ya kusema ni mkupuo, bonyeza mshale ulio kando ya toleo. Mstari mmoja wa orodha unaweza kuwa umekusanya uhariri wa muda mrefu, na ukiufungua unakuta aya ilikua hatua kwa hatua. Kiendelezi cha kivinjari cha Chrome kiitwacho Draftback huenda mbali zaidi: huchezesha uandishi wote kama video.

Dhana: Kilichochapwa herufi kwa herufi ni chake mwenyewe.

Hata anayenakili kutoka karatasi au skrini nyingine huchapa herufi kwa herufi. Tofauti hujitokeza katika mwendo. Mnakili huelekea kushuka moja kwa moja kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na makosa yake ni ya vidole: anafuta herufi mbili, anaendelea. Anayetunga huacha sentensi nusu, huhamisha aya, hurudi kuubomoa utangulizi baada ya kuona hitimisho limempeleka kwingine. Hata hivyo, kuna anayepanga kila kitu daftarini kwanza, naye hushuka moja kwa moja vilevile. Kwa huyo, daftari ndilo la kuuliziwa.

Dhana: Historia fupi maana yake amefuta nyayo.

`Make a copy` huanzisha faili jipya lisilobeba matoleo ya zamani, na faili lililopakuliwa nalo huyaacha nyuma. Mwanafunzi aliyetuma nakala huenda bado anayo faili la awali lenye historia yote. Aombwe hilo, tena kwa ruhusa ya kuhariri, kwa sababu mwenye ruhusa ya kusoma tu haonyeshwi historia.