Asali haikaushwi sufuriani: maji, HMF na baridi ya Mufindi

Tangu mavuno ya Juni yaanze, malalamiko tunayopokea hapa maabara ya asali kutoka Mufindi, Njombe na Rungwe yanafanana: ndoo imefura, mfuniko umeinuka, juu kuna povu na harufu ya pombe. Mnunuzi anasema ameuziwa asali yenye sukari. Mfugaji anaapa hajatia hata kijiko. Mara nyingi mfugaji anasema kweli. Asali yake ilivunwa na maji mengi, na kifaa chake kikamdanganya kwa sababu ya baridi.

Kiwango cha kimataifa cha asali, kile cha Codex, kinaruhusu maji yasiyozidi asilimia 20. Chini ya asilimia 17 hivi hamira ya asili iliyomo haiwezi kufanya kazi, na asali haichachi. Ikipita 20, iko hatarini wakati wote. Maji haya hupimwa kwa rifraktomita, ile bomba ndogo ya kushika mkononi: unapaka tone la asali kwenye kioo, unafunika, unaelekeza kwenye mwanga na kusoma mahali rangi ya buluu inapokutana na nyeupe. Kifaa hakipimi maji moja kwa moja. Kinapima jinsi mwanga unavyopinda ndani ya asali, na asali yenye maji kidogo huupinda zaidi.

Hapo ndipo baridi inapoingia. Asali ikipoa hubanana na kuupinda mwanga zaidi, hivyo kifaa huiona kavu kuliko ilivyo. Vipimo vimewekwa kwa nyuzi joto 20. Kwa kila nyuzi moja chini ya hapo, ongeza asilimia 0.09 kwenye maji uliyosoma. Kwa kila nyuzi juu ya hapo, punguza kiasi hicho hicho. Chukua kikundi kimoja cha Mufindi kilichotuletea kumbukumbu zake. Walipima saa moja asubuhi, ghala likiwa na nyuzi 11, wakasoma asilimia 19.6 na kufunga ndoo kwa furaha. Tofauti ni nyuzi 9. Zidisha kwa 0.09 unapata 0.8, na maji halisi ni asilimia 20.4. Shehena ilikuwa nje ya kiwango kabla haijapanda gari. Kule Usangu, mchana wa nyuzi 30, kosa lingegeuka upande wa pili na asali nzuri ingeonekana mbaya.

Vifaa vingi vya sasa hujirekebisha vyenyewe kati ya nyuzi 10 na 30, na vimeandikwa ATC. Hata hivyo kifaa kilichokuwa mfukoni na asali iliyolala kwenye saruji havina joto moja. Acha tone likae kwenye kioo nusu dakika ndipo usome. Koroga ndoo kwanza, maana asali nyepesi hukaa juu. Kama imeganda, weka sampuli kwenye chupa iliyofungwa vizuri, ipashe kwenye maji ya nyuzi 50 hadi chembe ziishe, iache ipoe, ndipo upime. Na tafadhali, msirekebishe sifuri kwa maji ya bomba. Mizani ya kifaa cha asali haifiki huko; tumieni kimiminika cha kurekebishia kinachouzwa pamoja na kifaa. Jambo jingine linalotuchosha ni kusoma mstari wa Brix, ule wa sukari, kuona 80, na kusema maji ni 20. Ndani ya asali kuna vitu visivyo sukari, na Brix 80 ni maji asilimia 18 na nusu hivi. Someni mstari ulioandikwa maji.

Sasa tufike kwenye sufuria. Kikundi hicho kiliporudishiwa ndoo, waliamua kuikausha. Waliweka asali kwenye sufuria juu ya mkaa, wakakoroga mpaka povu likaisha, wakatuletea tena. Rifraktomita ilisoma asilimia 18.1, kipimo safi kabisa. Wakashangaa tulipoikataa.

Tuliikataa kwa kipimo cha pili, haidroksimethilifurfurali, ambayo kwenye ripoti zetu huandikwa HMF. Hii hutokea sukari ya matunda inapopoteza maji ndani ya asali, ambayo kwa asili ina asidi. Asali mbichi haina HMF, au ina kidogo sana. Muda huiongeza polepole na moto huiongeza haraka. Kwa nyuzi 30 huchukua miezi kadhaa kufika miligramu 40 kwa kilo. Kwa nyuzi 40 ni wiki tatu hadi saba. Kwa 60 ni siku moja hadi mbili na nusu. Kwa 70 ni saa chache tu. Chini ya sufuria ya mkaa joto hupita hapo kwa mbali. Codex inaweka mwisho wa miligramu 40 kwa kilo, na 80 kwa asali itokayo nchi za joto kama yetu.

Maabara tunapima gramu 5 za asali, tunaiyeyusha na kuichuja, kisha tunaigawa mara mbili. Sehemu moja tunaitia maji, nyingine sodiamu bisulfaiti, inayofuta ufyonzaji wa mwanga wa HMF. Tunasoma ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 284 na 336, tukilinganisha sehemu hizo mbili:

```
HMF = (A284 - A336) x 149.7 x 5 / uzito x D
```

D ni mara ulizozimua. Sampuli ya kikundi ilikuwa na rangi kali, tukaizimua mara 2. Uzito ulikuwa gramu 5.02, na usomaji 0.395 na 0.074. Jibu ni miligramu 95.7 kwa kilo. Maji yalipungua, HMF ikavuka mpaka, na hakuna njia ya kuirudisha chini.

HMF peke yake haithibitishi udanganyifu. Asali halali iliyokaa miaka miwili dukani, au iliyoanikwa juani kando ya barabara ya Tanzam ndani ya chupa, inaweza kuvuka 80. Sharubati ya sukari iliyopikwa kwa asidi nayo huleta namba kubwa mno. Ndiyo maana ikizidi tunapima pia kimeng'enya cha diastazi na sukari kabla ya kumtaja mtu. Na rifraktomita haitambui sukari ya kuongezwa hata kidogo, wala majaribio ya mtaani ya kiberiti, sisimizi au karatasi hayaitambui. Asali kuganda si dalili ya sukari. Hili tumelisema kila mwaka na bado simu zinapigwa.

Asali yenye maji mengi huzuiwa mzingani, si jikoni. Vuna masega ambayo nyuki wameyafunika kwa nta angalau robo tatu, na usivune siku ya ukungu. Masega yaliyobaki wazi yawekwe chumba kikavu chenye hewa inayozunguka, nyuzi 30 hadi 35, siku moja au mbili kabla ya kukamua. Ndoo ikiwa wazi kwenye hewa yenye unyevu wa Mufindi hunywa maji, hivyo funika mara unapomaliza kumimina. Asali ya kuuza iliyoganda iyeyushwe kwa kuogeshwa kwenye maji yasiyozidi nyuzi 45.

Ukileta sampuli, tumia chupa ya kioo iliyojaa hadi mdomo, angalau gramu 250, isiyopigwa na jua njiani. Jaza fomu: kijiji, tarehe ya kuvuna, namba ya ndoo, joto la ghala ulipopima, na kama asali imepashwa au la. Safu hiyo ya mwisho wengi huiacha tupu, na fomu yenye nafasi tupu hurudishwa. Shehena ambayo sampuli yake imeshindwa huzuiwa isiuzwe hadi majibu ya upimaji wa pili, ambao mwenye mali anaweza kuuomba kwa maandishi, na sampuli ya akiba tunayobaki nayo ndiyo hupimwa. Ikishindwa mara ya pili hairuhusiwi kuuzwa kama asali ya mezani, na gharama za kuiondoa ni za mwenye mali.